Naomba ushauri: barua ya shukrani kwa makocha wa kujitolea na wazazi

Wakuu, shikamooni. Ni mwalimu wa michezo, shule ya msingi hapa Ujiji, Kigoma. UMITASHUMTA kwetu imeishia ngazi ya manispaa, sasa naandika barua ya shukrani.

Rasimu ya kwanza niliorodhesha michango: huyu jezi, yule nauli, mama mmoja uji wa kila Jumamosi. Mwalimu mkuu akaniuliza, aliyetoa elfu mbili atajisikiaje akisoma? Nikafuta viwango, ikabaki "tunawashukuru wote", kavu kama dagaa wa Tanganyika.

Je, makocha niwaandikie barua yao peke yao, nikitaja kazi yenyewe, mfano aliyemfundisha kipa wetu kutoka golini kudaka krosi? Na kocha aliyeondoka katikati ya msimu baada ya kukosana na mzazi, naye nimtaje?