Tupeane uzoefu: The Count of Monte Cristo, ulisoma tafsiri ipi?

Mtunza Rafu
Wakuu, nataka kuisoma riwaya hii ya Alexandre Dumas na Kifaransa sijui, kwa hiyo ni Kiingereza tu. Mezani nina mbili. Moja ni tafsiri ya Robin Buss, Penguin, 1996. Nyingine nimeipata kwa muuza vitabu vya mitumba, jalada gumu, na jina la mfasiri halipo popote. Nimelinganisha ukurasa wa kwanza. Zote zinaanza na meli ya Pharaon kuingia Marseille tarehe 24 Februari 1815, na sentensi zinakaribiana mno. Waliosoma zote, mlichaguaje?

Mkutubi
Ukurasa wa kwanza hautakusaidia. Pale kuna meli, tarehe na majina ya bandari, hakuna mfasiri atakayepotea njia. Kitabu kisicho na jina la mfasiri kwa kawaida ni ile tafsiri ya 1846 iliyotolewa London na Chapman and Hall. Haina hakimiliki, ndiyo maana inachapwa na kuchapwa tena.

Wewe fungua yaliyomo. Riwaya kamili ina sura 117. Tafuta sura ya 113, "The Past". Mwaka 1955 Collins waliitoa tafsiri hiyo ikiwa imerekebishwa, wakakata vipande kadhaa pamoja na sura hiyo nzima, na wachapishaji wengine wakalibeba toleo hilo vilevile. Mimi nilianza na hilo, na mwisho wake haukuniingia akilini kabisa. Bila kukuharibia uhondo: kisasi cha Dantès, shujaa wa riwaya, kinafika kwa asiyestahili, naye anaanza kujiuliza kama ana haki. Katika sura hiyo anarudi Château d'If, gereza alilofungwa zamani, kama mgeni wa kutembezwa. Mlinzi anamsimulia habari za mfungwa wa zamani, hajui kwamba mfungwa mwenyewe ndiye aliyesimama mbele yake. Dantès anatoka na maandishi ya Abbé Faria, aliyekuwa mfungwa mwenzake, mkononi na moyo umetulia. Ukiiondoa, mtu aliyekuwa na shaka anaibuka tu kurasa chache mbele akiwa ameshapata jibu, na msamaha wa sura ya 116 unakosa mzizi.

Bwana Mfupi
Mnazunguka. Angalia jaladani kama wameandika kwamba hakijafupishwa. Wameandika? Nunua. Hawajaandika? Rudisha.

Wa Lubumbashi
Bwana Mfupi, hapo uko sahihi nusu. Mimi niliisoma kwa Kifaransa shuleni, baadaye nikapitia zote mbili za Kiingereza. Ile ya 1846 inaweza kuwa na sura zote 117 na bado ikawa imechujwa, kwa sababu wasomaji wa Uingereza ya wakati ule walikuwa na haya zao. Nenda sura ya 31, Franz anapokula hashishi kwenye pango la kisiwani. Kwa Dumas ndoto ile ina joto la mwili, masanamu yanageuka wanawake. Katika tafsiri ya zamani imepozwa. Halafu Eugénie Danglars, binti anayekata nywele, akavaa suti ya kiume na kutoroka na Louise. Dumas anatuachia dalili nyingi za jinsi anavyompenda Louise. Mfasiri wa 1846 anazififisha, Buss anazirudisha. Linganisheni hapo, msilinganishe bandarini.

Mama wa Wawili
Mimi niliwasomea wanangu toleo fupi la watoto usiku kwa usiku, wakalia Faria alipokufa. Sioni kwa nini mtu ajitese na kurasa elfu na zaidi.

Mkutubi
Kwa watoto sawa kabisa, mama. Mwenzetu anaitaka yote.

Mtunza Rafu
Nimefungua cha mtumba. "The Past" haipo. Lakini nimesoma mazungumzo ya Monte Cristo na Villefort, yule mwendesha mashtaka, katika zote mbili, na nakiri kile cha zamani kinanivuta. Kiingereza chake kina uzito, mtu anaongea kama bwana mkubwa. Cha Buss ni chepesi, cha leo.

Wa Lubumbashi
Dumas mwenyewe ni mwepesi. Hadithi ilitoka vipande vipande gazetini kuanzia 1844, watu walikuwa wanaikimbiza. Uzito huo ni wa mfasiri.

Mkutubi
Hapo sikubaliani nawe moja kwa moja. Dantès anapoingia Paris kwa jina la Monte Cristo anaigiza ubwana, na lugha nzito inamfaa. Mtunza Rafu, kama sauti hiyo ndiyo unayoipenda, tovuti ya Gutenberg ina tafsiri ya zamani bure, na "The Past" imo. Ila Buss ana maelezo nyuma ya kitabu, na utayahitaji mapema. Dantès anakamatwa tarehe 28 Februari, Napoleon anatua Ufaransa tarehe 1 Machi akitoka uhamishoni. Usipojua hilo, hutaelewa kwa nini barua moja tu aliyobeba Dantès ilimtia Villefort hofu kiasi kile.

Mtunza Rafu
Basi naanza na Buss. Sura ya 31 nitaisoma kwa zote mbili, nirudi hapa kubishana.