Tima kaparamia fito: godoro chini au kitanda cha kamba?

Mama Tima (Lamu): Assalamu alaykum. Binti yangu ana miaka 2 na mwezi 1. Juzi alfajiri nilisikia kishindo, kumbe kaparamia fito za kitanda chake na kuangukia mkekani. Hakuumia, alhamdulillahi. Godoro lilishashushwa hadi mwisho. Sasa nimlaze kwenye godoro sakafuni au kwenye kitanda cha kamba cha bibi yake, kinachonifika mapajani? Nina mimba ya miezi saba.

Nana wa Langoni: Kitanda cha kamba, mwanangu. Kisukume ukutani, upande wa pili panga mito. Sakafu ina unyevu, godoro litaota ukungu.

Nesi Malindi: Shikamoo Nana. La unyevu ni kweli, kwa hiyo godoro liinuliwe kila asubuhi, liegemezwe lipate hewa. Lakini ukuta ndio unaonitia hofu. Kamba zikilegea, godoro huhama na mwanya hufunguka. Mtoto huteleza kiwiliwili, kichwa kikabaki juu. Mama Tima, lisukume kwa nguvu uone kama mwanya unatokea. Mito nayo haimzuii, ataikanyaga apande. Mimi ningechagua godoro chini, mbali kidogo na ukuta. Na usingoje ujifungue: ameshajua kuparamia, ataparamia tena.

Baba wa Shela: Wangu ana miaka 3 na nusu, bado anakojoa kitandani. Nimrudishe kile cha zamani?

Nesi Malindi: Hapana, hilo halihusiani na kitanda. Kwa umri wake ni kawaida.

Mama Tima: Tumeweka godoro chini. Usiku wa kwanza alitoka mara kumi na moja! Mara ya mwisho nilimkuta kwenye ngazi ya kwenda darini.

Baba wa Shela: Funga mlango kwa komeo.

Nesi Malindi: Usimfungie, moto ukizuka hatatoka. Weka kijigeti mlangoni na kingine kwenye ngazi. Birika la chooni lifunikwe kwa kitu asichoweza kukiinua. Kabati lifungwe ukutani, maana atavuta droo azifanye ngazi. Akitoka, mshike mkono umrudishe kwa maneno yaleyale, "Ni usiku, lala," kisha kimya. Usimwashie taa wala kumpa hadithi. Ukimrudisha mara kumi, ya kumi na moja ukamchukua kwako, atajifunza kuwa ni lazima atoke mara kumi na moja.

Nana wa Langoni: Kumwacha mtoto alie peke yake si desturi yetu. Alale na mamake.

Nesi Malindi: Sasa hivi anaweza, Nana. Mchanga akija, wasilale kitanda kimoja. Huyu mkubwa hugeuka usingizini akamlalia.

Mama Tima: Usiku wa nne katoka mara tatu. Chumba ni kimoja tu, kwa hiyo godoro lake nimelisogeza karibu na kitanda changu, nanyoosha mkono namgusa. Nana, hapo tumekutana nusu njia? Mchanga akianza kulia usiku, sijui itakuwaje.