Bondi yangu ya milioni moja inatakiwa kwa 85 sokoni: niuze au ningoje?

Mwenye Daftari (Nakuru), mwishoni mwa Februari 2024
Hamjambo wanajukwaa. Mwezi Mei 2022 nilinunua hatifungani ya Serikali ya Kenya ya miaka 10, yenye thamani ya shilingi 1,000,000 na riba ya asilimia 13.5 kwa mwaka, ambayo hulipwa kila baada ya miezi sita. Malipo ya Mei na Novemba yamekuwa yakiingia bila tatizo lolote. Juzi nilimwuliza dalali bei yake katika Soko la Hisa la Nairobi, naye akaniambia kwamba wanunuzi wanatoa 85 kwa kila shilingi 100. Serikali haijakosa kunilipa hata mara moja, sasa imekuwaje karatasi ileile ipungue laki na nusu? Je, dalali ananidanganya?

Mama Shamba
Ndugu yangu, fedha hizo zingekuwa ng'ombe wawili wa maziwa, ungekuwa unawaona kila asubuhi. Mimi nilinunua wangu mwaka uleule na hakuna dalali anayenipigia simu kuniambia bei yao imeshuka.

Mlinzi wa Zamu
Ng'ombe hakatwi kodi asilimia 10, lakini pia hatoi maziwa akiwa amelala kwenye akaunti ya Benki Kuu.

Kasisi wa Uchumi
Sababu ni moja tu: watu waliogopa kwamba serikali ingeshindwa kulipa deni lake la dola linaloiva Juni. Hofu ikiingia, bei za hatifungani huanguka. Usiuze. Ukingoja hadi 2032 utarudishiwa milioni yako yote, na hutakuwa umepoteza chochote.

Hesabu za Jioni
Kasisi amegusa upande mmoja. Hofu ile ilisaidia kupandisha riba, lakini bei ya hatifungani hii ingeshuka hata kama hakuna aliyeogopa. Bwana Daftari, uliponunua, kiwango cha riba cha Benki Kuu kilikuwa kati ya 7 na 7.5, Februari hii kimefikishwa 13, na mkopeshaji wa serikali leo anataka takriban asilimia 17. Karatasi yako imefungwa kwenye 13.5 hadi siku ya mwisho. Kwa kuwa riba yake haiwezi kubadilishwa, kitu pekee kinachoweza kusogea ili mnunuzi apate 17 yake ni bei.

Chukua kwanza karatasi iliyobakiza mwaka mmoja na malipo moja ya riba, itakayotoa 113.5 siku ya mwisho. Anayetaka asilimia 17 atagawanya 113.5 kwa 1.17, apate 97. Hapo pengo ni la mwaka mmoja tu. Yako ina zaidi ya miaka 8, maana yake mnunuzi atapokea 6.75 kila nusu mwaka, zaidi ya mara 16, ilhali karatasi mpya ingempa 8.5. Pengo hilo la kila mara analidai lote leo kwa kupunguza bei, na ukifanya hesabu kwa nusu mwaka 16 unapata 85 kasoro nukta. Kama ingekuwa imebakiza miaka miwili, kwa riba ileile ungepewa 94 hivi. Dalali hajakudanganya.

Kuhusu kungoja hadi 2032: ni kweli milioni itarudi, lakini kwa miaka yote hiyo utakuwa umepokea 13.5 wakati wenzako wanapokea 17. Hasara ile haikukwepwa. Imelipwa kidogo kidogo. Sasa tuambie, kwa nini unauliza bei? Mtu asiye na haja ya fedha haulizi.

Mwenye Daftari
Nataka kuhamia hatifungani ya miundombinu iliyouzwa Februari kwa riba ya asilimia 18.46 isiyokatwa kodi. Nikiwa na 850,000 nitapata karibu 157,000 kwa mwaka, ilhali hii yangu baada ya kodi hunipa 121,500. Tofauti ya zaidi ya 35,000 si ndogo, na kusema kweli nimekwisha kumwagiza dalali aanze kutafuta mnunuzi.

Hesabu za Jioni
Mnada wa Februari umepita. Anayeishika karatasi ile sasa anajua thamani ya 18.46 isiyo na kodi, na hatakuuzia kwa 100. Bei ile hupanda kwa sababu ileile inayoishusha yako. Tena mwishoni utarudishiwa kiasi ulichonunua, si milioni. Je, fedha hizi zina kazi nyingine?

Mwenye Daftari
Binti yetu anaingia chuo Septemba, na tunahitaji 350,000 kabla ya siku ya kujiandikisha. Sikulitaja kwa sababu nilidhani riba ya 18.46 itasaidia kulipa karo hiyo.

Shahidi wa Mlango
Ngojeni. Mtu anaficha karo hadi aulizwe mara mbili? Isitoshe, nimemwona bwana huyuhuyu kwenye uzi mwingine akisema dalali amemwandikia kwamba atapokea 883,750. Huku ni 85, kule ni 883,750. Milioni moja kwa 85 ni 850,000 hata kwa mtoto wa darasa la nne. Hadithi hii imetungwa.

Kasisi wa Uchumi
Nami nilianza kushuku. Watu hutunga ili wapate wafuasi.

Hesabu za Jioni
Tarakimu hizo mbili hazigombani. Kwa kweli ndizo zinazonifanya nimwamini. Riba hulipwa mara mbili kwa mwaka, lakini huiva kila siku. Malipo ya mwisho yalikuwa Novemba. Akiuza siku ya 91 kati ya 182, nusu ya malipo yajayo, yaani nusu ya 67,500, ni haki yake aliyeishika karatasi kwa siku hizo. Mnunuzi atapokea malipo yote Mei, kwa hiyo humlipa muuzaji 33,750 mapema juu ya bei. 850,000 na 33,750 ni 883,750. Mtunzi wa hadithi kwa kawaida husahau sehemu hiyo.

Shahidi wa Mlango
Hesabu nimeielewa. Mtu bado simwamini.

Mama Shamba
Mimi namwamini, karo haitungwi.

Hesabu za Jioni
Bwana Daftari, fedha za Septemba zisiingie kwenye karatasi ya zaidi ya miaka 8. Riba ikipanda tena kabla ya Septemba, utauza ile mpya kwa hasara vilevile. Unaweza kuuza sehemu: laki nne kwa 85 ni 340,000, na riba iliyoiva ni 13,500, jumla 353,500 kabla ya ada ya dalali. Ziweke kwenye hati za Hazina za siku 91, ambazo sasa zinatoa zaidi ya 16. Laki sita zinazobaki zitaendelea kukulipa 36,450 kila nusu mwaka, kodi ikiwa imekatwa.

Mwenye Daftari
Lakini riba ikishuka bei itarudi juu. Kwa nini nisingoje hadi Agosti?

Hesabu za Jioni
Huenda ikarudi, na hakuna hapa anayejua. Ila jambo moja muulize dalali leo: bei ya 85 aliyokupa ni ya milioni nzima au ya kiasi chochote? Vipande vidogo mara nyingi hutolewa bei ya chini, na ukipewa 82, laki nne hazitafikisha karo.