Chupa hewani na juisi iliyoganda: kwa nini matone yanatoka na mkia?

Mwanzisha uzi: Wakuu, naomba ushauri. Nimepewa kazi ya tangazo la juisi ya chungwa, ambapo chupa inatakiwa ionekane ikielea huku juisi ikiruka ubavuni mwake pamoja na vipande vya tunda. Chupa nimeining'iniza kwa uzi wa kuvulia samaki. Natumia taa mbili za studio kwa nguvu zote, shata ikiwa 1/200, lakini kila tone linatoka na mkia kama wa kiluwiluwi. Nikipandisha shata hadi 1/1000, sehemu kubwa ya picha inakuwa nyeusi. Je, kamera yangu ndiyo haifai?

Kivuli: Shata yako ni ya polepole. Tafuta flashi yenye HSS, yaani inayoweza kuwaka sambamba na shata ya kasi sana, upige kwa 1/8000.

Fundi Mwanga: HSS itaondoa ule weusi, ila itakula mwanga mwingi mno, na hapa haihitajiki. Katika chumba chenye giza, kinachogandisha juisi ni muda ambao flashi yenyewe inawaka. Tuseme taa yako inawaka kwa 1/500 ya sekunde na tone linakwenda mita 3 kwa sekunde: litasogea milimita 6 kabla mwanga haujazimika, na huo ndio mkia wako. Flashi ndogo ya juu ya kamera, ikishushwa hadi 1/16 ya nguvu yake, mara nyingi huwaka kwa takribani 1/10000, na tone husogea milimita 0.3 tu. Acha shata kwenye 1/200, sogeza flashi tatu au nne karibu na chupa, kisha piga picha moja zikiwa zimezimwa. Isipotoka nyeusi kabisa, kuna mwanga wa chumba unaoingia.

Mama Soda: Mimi nilisumbuliwa na jasho la chupa lililokuwa likitiririka kabla sijamaliza kupiga. Nilichanganya gliserini na maji nusu kwa nusu, nikapuliza, na matone yakatulia palepale.

Mwanzisha uzi: Ahsante, Mama Soda, ingawa jasho bado sijalifikia. Fundi, flashi ndogo zimefuta mikia. Ajabu ni kwamba taa moja ya studio nilipoipunguza nguvu, mkia ulirefuka.

Fundi Mwanga: Si ajabu. Zipo taa ambazo kadiri unavyozipunguza, ndivyo zinavyochelewa kuzimika. Angalia kijitabu chake, na usome t0.1, yaani muda wa kuwaka hadi mwanga ushuke kufikia sehemu moja ya kumi ya kilele chake, kwa sababu t0.5, inayoishia kwenye nusu, huacha nje ule mwanga wa mwishoni unaofifia polepole, nao ndio unaochora mkia.

Kivuli: Basi nakubali. Ila chupa ipigwe peke yake na juisi peke yake, kamera na taa zisiguswe, halafu ziunganishwe. Lebo haitalowa.

Mama Soda: Ukitenganisha, rangi ya juisi haitaakisika kwenye kioo cha chupa, na jicho hugundua.

Mwanzisha uzi: Lebo nilizopewa zimebaki nne. Nitaanza kwa kutenganisha, kisha chupa ya mwisho niimwagie juisi yenyewe.