Tuisheni ni ya kaka peke yake, dada abaki na sufuria: hii ni haki gani?

BintiKisauni:

Nimeandika uzi huu nikiwa na hasira, nanyi mtanisamehe.

Nyumbani kwetu Kisauni kuna wadogo zangu wawili, wa kiume miaka 17 na wa kike 16. Wote wako kidato cha tatu, kwa sababu wa kiume alirudia darasa. Shule zao ni za kutwa, na jioni wote wawili warudi saa kumi na moja. Kuanzia hapo utadhani mmoja ni mtoto wa nyumba na mwengine ni kijakazi.

Mwezi uliopita nilichukua kalenda ya zamani nikaandika nyuma yake kwa wiki nzima, bila kumwambia mtu. Dadangu aamka saa kumi na moja kasorobo. Achemsha chai, akaanga mahamri, afagia ua, na maji yakiwa hayajatoka mferejini aenda kujaza madumu kwa mwenye kisima. Akimaliza ni saa kumi na mbili, huyo mbio shule. Jioni kuanzia saa kumi na moja u nusu akuna nazi, achuja tui, apika wali na mchuzi, apakua, aosha vyombo. Aketi saa mbili u nusu. Hayo ni masaa manne na robo kwa siku, Jumatatu hadi Ijumaa. Jumamosi ni masaa sita kwa sababu ya kufua, Jumapili matano. Jumla masaa 32 na robo. Sare za kakake zimo humo ndani, na soksi zake.

Kakake alifanya saa moja na dakika arobaini na tano wiki nzima. Alipeleka mtungi wa gesi kujazwa, na Jumamosi akajaza pipa.

Sasa sikilizeni kilichoniuma. Hapo mtaani kuna mwalimu mzuri wa hesabu, afundisha saa moja mpaka saa tatu usiku, shilingi 1,500 kwa mwezi. Baba amlipia wa kiume. Nikauliza, na huyu? Nikaambiwa pesa ni ya mmoja tu. Sawa, nafanya kazi dukani, nikasema nitatoa hiyo 1,500 mimi. Nikaambiwa usiku si salama kwa mtoto wa kike. Hilo nalielewa, kichochoro kile kina giza na vijana wa maskani hawana adabu. Lakini kakake aenda hukohuko, saa ileile! Nikasema basi waongozane, kwenda na kurudi. Hapo mamangu akanyamaza kidogo, kisha akasema, "Na chakula cha usiku apike nani?"

Kumbe si pesa, wala si usiku. Ni mikono yake ndiyo inayotakiwa.

Kidato cha kwanza dadangu alipata B ya hesabu, kakake C. Muhula uliopita dada kashuka D+, kaka kapanda C+. Na mama asema mbele ya wageni, "Huyu wangu wa kike kichwa chake si cha masomo." Mimi nimemuona saa tatu u nusu usiku amelala juu ya daftari, kalamu mkononi, swali la pili halijaisha. Wamemnyima muda, sasa wanamhukumu kwa matokeo. Na ada ikibana mwakani, najua watatumia alama hizo kuamua nani aendelee.

Niambieni kama nimekosea.

BaKombo:

Hujakosea yote, lakini usisahau dini. Mtoto wa kiume ana mafungu mawili, wa kike fungu moja. Kesho yeye ndiye atakayelisha mke na watoto, kwa hivyo mzazi akimtanguliza si dhuluma. Na huyo wa kike asipojua kupika, ataolewa na nani?

Somo wa Likoni:

1,500 ni ghali. Huku kwetu kuna mwalimu wa 1,000, na Jumamosi mchana. Nikutumie namba?

BintiKisauni:

Ahsante somo, lakini Jumamosi mchana ndipo afuapo. Bei si shida yangu.

MwalimuMadrasa:

BaKombo, mafungu mawili ni ya mirathi, na mirathi ni baada ya kufa. Mzazi akiwa hai kuna hukumu nyengine. Nu'man bin Bashir asimulia kuwa babake alimpa zawadi, akaenda kumshuhudisha Mtume. Akaulizwa, je, watoto wako wote umewapa mfano wa hii? Akasema la. Akaambiwa, mcheni Mwenyezi Mungu na mfanye uadilifu baina ya watoto wenu. Bashir akairudisha ile zawadi.

Wanavyuoni wamekhitalifiana. Mahanbali wasema kusawazisha ni wajibu, lakini wao pia wapima kwa mafungu ya mirathi, hapo una kipande cha ukweli. Sisi wa pwani ni Mashafii, na kwetu ni sunna iliyotiliwa mkazo, na wa kiume na wa kike wapewa sawa.

Lakini binti, nawe nikwambie. Karo na tuisheni wengi huzihesabu katika matumizi, na matumizi huenda kwa haja ya kila mtoto, si lazima yalingane. Kwa hivyo usimwendee babako na hoja ya usawa wa shilingi. Mwendee na haja: aliyeshuka kutoka B mpaka D+ ndiye mwenye haja kubwa. Kuhusu masaa ya kazi, sijaona maandishi yanayoyaita zawadi. Najua tu kuwa Bibi Aisha aliulizwa Mtume akifanya nini nyumbani, akajibu alikuwa akiwahudumia watu wake. Hakuna aibu ya mwanamume kuosha sahani.

Kifungua_Mimba:

Mwasema wavulana wastarehe. Mimi nilitolewa shule kidato cha pili nisukume mkokoteni wa maji, dada zangu wawili wakaendelea. Mpaka leo kuandika barua kwanitoa jasho. Uzi wangu utaufungua nani?

BintiKisauni:

Kakangu, pole. Nawe ulidhulumiwa, sitakubishia. Wazazi waliangalia mikono yako wakaona mkokoteni, wetu wameangalia ya dadangu wakaona mwiko.

MamaWanne:

Nilipanga zamu kwangu, watoto wanne, wawili wawili. Mwanzo niligawa kwa idadi, kila mtu kazi tatu. Nikadhani nimemaliza. Kumbe wa kiume kazi zao ni gesi, taka na balbu, mara moja kwa wiki, na wa kike kupika, kuosha na kufagia, kila siku ya Mungu. Gawa kwa masaa kama ulivyoandika.

Na ujihadhari na jambo moja. Mwanangu mkubwa aliunguza wali mara tatu. Bibi yake akasema mwacheni, hawezi. Nikagundua aacha moto juu makusudi ili afukuzwe jikoni. Nikamwambia ataupika mpaka auweze, na ulioungua tutaula. Tuliula siku nne.

BaKombo:

Mwalimu, nimekubali ya mirathi. Lakini usalama wa usiku siachi. Kaka mwenyewe akimuacha njiani je?

BintiKisauni:

Hilo lanitisha hata mimi, sina jibu bado.

Jana usiku nilimuonyesha baba ile kalenda. Akaisoma yote kimya, akauliza, "Masaa 32 haya ni ya mwezi?" Nikamwambia ya wiki. Akaikunja akatia mfuko wa kanzu. Leo asubuhi mama haongei na mimi, na kakangu ameambiwa ajipigie pasi mwenyewe. La tuisheni halijasemwa. Mwalimu aanza mwezi mpya Jumatatu, na 1,500 ninayo hapa mkononi.