Wameniomba nitafsiri mkataba wa Dar, wakanipa maandishi ya mkataba mwingine, sasa hawataki kulipa

Kalamu ya Usiku (mleta uzi)

Wakuu, habari za jioni. Nimekasirika na naandika hivyo hivyo.

Alhamisi saa kumi jioni ofisi moja hapa Dar imenitumia imeili: "Tafadhali tutafsirie kwa Kiswahili mkataba wa ajira wa mhasibu wetu, shauri lake liko Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, CMA, tunauhitaji Ijumaa asubuhi." Hakuna faili. Wamekopi maandishi ya Kiingereza na kuyabandika ndani ya imeili. Yanaanzia kifungu cha 3, hayana kichwa wala majina ya pande mbili.

Kifungu cha 4 kinasema mshahara ni shilingi 65,000 kwa mwezi. Nikasimama hapo. Mhasibu gani wa Dar analipwa hivyo? Nikaendelea hadi kifungu cha 9, likizo ya mwaka siku 21 za kazi. Sheria yetu ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inatoa siku 28. Mbele kidogo nikakuta imetajwa Sheria ya Ajira ya 2007, ambayo ni ya Kenya. Basi hata zile shilingi zilikuwa za Kenya.

Nikawaandikia saa moja usiku: "Je, haya ndiyo maandishi sahihi?" Jibu likaja baada ya dakika mbili: "Ndiyo, endelea, tuna haraka." Nikakesha. Maneno 3,100. Asubuhi nimewatumia, mchana wananipigia simu wakifoka kwamba nimewatafsiria mkataba wasioujua, na hawalipi hata senti. Mimi niliuliza! Walinijibu ndiyo!

Mngefanya nini pale kwenye kifungu cha 4?

Bwana Shamba

Pole sana dada. Wateja wa siku hizi hawalipi. Mimi namdai mtu mahindi tangu msimu uliopita, kila nikipiga simu haipokelewi. Dai malipo ya awali, nusu kabla ya kazi.

Kalamu ya Usiku

Ahsante kaka, ila hata wangenilipa nusu, maandishi yangekuwa yale yale ya mtu mwingine.

Tafsiri Moja Kwa Moja

Mimi nakataa kabisa hii habari ya kusimama. Mfasiri hatafsiri maelezo ya imeili, anatafsiri maandishi aliyopewa. Kama chanzo kinasema siku 21, unaandika siku 21, hata kama sheria inasema 28. Ukianza kurekebisha umeacha tafsiri, umeingia uwakili. Umefanya kazi uliyopewa, wapelekee ankara.

Karani Mstaafu

Mwanangu uliyeandika hapo juu, uko sawa kwamba mfasiri harekebishi chanzo. Nimekaa masjala na baadaye kwenye meza ya tafsiri miaka mingi, na sijawahi kugusa tarakimu ya mtu. Lakini kuna maswali mawili hapa, na wewe umejibu moja tu.

Mleta uzi, siku 21 na ile sheria ya 2007 hazitoshi kuonyesha kwamba umepewa maandishi mengine. Kampuni nyingi zina makao makuu Nairobi. Afisa wa Dar anachukua mkataba wa kule, anabadilisha jina na cheo, anasahau kubadilisha likizo. Huo ni mkataba wenyewe, ila umeandikwa vibaya. Ukiupata, unautafsiri na makosa yake yote, kisha unaweka maelezo ya mfasiri chini kwamba chanzo kimetaja sheria ya nchi nyingine. Na pale CMA huenda kosa hilo ndilo shauri lenyewe! Ukilisafisha umemwibia mhasibu ushahidi wake.

Kwa hiyo sheria iache kwanza. Tazama vitu ambavyo mtu anayetumia mkataba wa zamani hubadilisha kabla ya yote: jina la mwajiri, jina la mwajiriwa, cheo, kituo cha kazi, tarehe ya kuanza. Hivyo vikilingana na maelezo na sheria tu ndiyo ya kigeni, ni mkataba ulioazimwa. Visipolingana, umebandikiwa karatasi ya mtu mwingine. Na kama vinalingana mwanzoni, halafu katikati "Mwajiriwa" anageuka "Mshauri" na namba zinaruka kutoka 6 kwenda 9, hapo pana mshono. Nyaraka mbili zimeunganishwa, na lazima useme mshono uko mstari gani.

Wewe hukuwa na kimoja kati ya hivyo, kwa sababu vifungu vya 1 na 2 havikuwemo. Ile mianya ndiyo ilikuwa sababu ya kusimama, kuliko hata mshahara.

Kalamu ya Usiku

Mzee, shikamoo. Nilisimama lakini, nikauliza. Ndilo linaloniuma.

Karani Mstaafu

Marahaba. Uliuliza swali ambalo mtu anaweza kulijibu bila kufungua faili. Aliyejibu baada ya dakika mbili hakufungua kitu. Siku nyingine mwandikie hivi: "Maandishi niliyopokea yanaanzia kifungu cha 3 na mshahara ni shilingi 65,000. Naomba uniandikie jina la mwajiri lililo ukurasa wa kwanza, mshahara uliotajwa, na likizo iko kifungu namba ngapi. Nimesimamisha kazi mpaka nipate jibu." Hapo "ndiyo" haijibu kitu. Atalazimika kushika karatasi.

Steshenari Mwanza

Hili naliona kila wiki dukani. Mteja analeta mkataba ulioskaniwa. Ile PDF ni picha tupu, haina maandishi. Anaburuza kipanya, anabonyeza Ctrl+C, hakuna kinachonakiliwa, na kompyuta haimwambii. Akienda kwenye imeili na kubonyeza Ctrl+V, inatoka ile kitu aliyokopi mara ya mwisho, labda asubuhi, labda ya mteja mwingine. Kuna mama aliomba nichapishe barua yake ya kiwanja, ikatoka barua ya mtu ya kuacha kazi, na jina lake na namba ya simu. Niliona aibu mpaka leo. Siku hizi nabandika kwanza kwenye Notepad, nasoma mstari wa kwanza na wa mwisho, ndipo natuma.

Waulize kama mkataba wao umeskaniwa.

Kalamu ya Usiku

Nimerudi wakuu. Nimewatumia maswali ya Mzee kama yalivyo. Yamechukua saa tatu safari hii. Mwajiri ni kampuni yenyewe ya Dar, mshahara ni milioni 1.4, likizo iko kifungu cha 12. Kwangu ilikuwa cha 9. Na ndiyo, wa kwao umeskaniwa. Katibu amekiri kwamba siku hiyo alikuwa anashughulikia mkataba wa tawi la Nairobi kwenye kompyuta hiyo hiyo.

Wameleta picha za kurasa zote sasa, naanza upya. Ila wanasema watalipa mkataba mmoja tu, kwa sababu "ule mwingine haukuwa na faida kwetu". Wameniomba pia nifute kila kitu.

Tafsiri Moja Kwa Moja

Usifute! Ile imeili yenye "Ndiyo, endelea" ndiyo risiti yako. Umefuta, umekwisha.

Steshenari Mwanza

Mkuu, mle ndani kuna mshahara wa mtu wa Nairobi asiyejua hata kama tunamjadili. Kwa nini ukae kwenye laptopu ya dada?

Karani Mstaafu

Majibizano atunze, hayana siri ya mtu. Maandishi yaliyobandikwa na tafsiri yake, mimi ningefuta nikishalipwa. Kabla ya kulipwa, sijui kama ningekuwa na ujasiri huo.

Kalamu ya Usiku

Nimewaambia hivyo hivyo: nafuta siku ankara ya maneno 3,100 ikilipwa. Hawajajibu tangu saa nane.