Nimelipa mafunzo ya mpokezi, sasa mteja akiuliza bei anahojiwa kama yuko kituo cha polisi

Daktari wa Magego (mfungua uzi)

Wakuu, nina hasira na naandika zikiwa bado za moto.

Nina kliniki ya meno, viti viwili, mpokezi mmoja. Miezi miwili iliyopita nilimlipa mkufunzi amfundishe mpokezi wangu kupokea simu, kujibu meseji na kutaja bei, ili wanaoulizia waweke miadi. Siku mbili za mafunzo, cheti, na karatasi ya maneno ya kusema ikabandikwa pembeni ya simu. Tangu hapo kitabu cha miadi kimepwaya kuliko kabla ya mafunzo. Nikadhani ni msimu. Jana usiku nikakaa nikasikiliza simu za wiki nzima (wapigaji huambiwa mwanzoni kwamba simu inarekodiwa). Waulizaji wapya walikuwa 19. Walioweka miadi ni 4.

Sikilizeni mmoja wao.

"Habari, naomba kujua kuziba jino ni bei gani?"
"Asante sana kwa kutupigia, nitafurahi kukuhudumia. Kwanza naomba majina yako matatu."
Akataja.
"Tarehe ya kuzaliwa? Barua pepe? Umetufahamu kupitia wapi? Umewahi kutibiwa kwetu? Una bima?"
Akajibu yote, sauti inazidi kupoa.
"Asante. Kuhusu bei, inategemea. Karibu ufike daktari akuone."
"Inategemea nini?"
"Daktari ndiye atakayekueleza."
"Haya, nitawapigia."

Dakika mbili na nusu. Mtu kauliza swali moja, kaulizwa sita, na lake halikujibiwa. Hakupiga tena. Kwenye ile karatasi imeandikwa kwa herufi kubwa: USITAJE BEI KWENYE SIMU. Nimempigia mkufunzi, ananiambia mpokezi wangu "hana moyo wa kuuza". Binti huyu kabla ya mafunzo alikuwa anaongea na watu kama ndugu zake! Nataka hela yangu irudi. Kuna aliyepitia haya?

Mfunga Mauzo

Mkuu, pole, lakini mkufunzi hakukosea. Nimeuza kwa simu miaka mingi. Ukitaja bei mapema mtu anakata na kwenda kulinganisha. Kosa la mpokezi wako ni kwamba hakumpa mtu nafasi ya kuja. Usimuulize "ungependa kuja lini?", atakwambia atafikiria. Mpe saa mbili achague: leo saa kumi au kesho saa tatu. Akishachagua, bei atakutana nayo mezani.

Baba Mapacha

Nyie madaktari wa meno ndio mnaotuumiza halafu mnakuja kulalamika hapa. Mimi nilipiga simu mahali, nikauliza bei ya kuziba, nikatajiwa. Nimefika, napigwa picha, naambiwa jino limeoza hadi kwenye neva, natakiwa tiba ya mzizi, bei mara kadhaa ya ile niliyotajiwa. Nikafanya kwa sababu ya maumivu. Kumaliza, naambiwa gego lazima livalishwe kofia lisipasuke, na kofia ni bei nyingine! Acheni utapeli, tajeni bei ya kweli toka mwanzo.

Daktari wa Magego

Baba Mapacha, uzi huu hauhusu bei za matibabu, na huyo hakuwa mimi. Lakini pole.

Dawati la Mbele

Daktari, usimpuuze Baba Mapacha. Ameleta nusu ya jibu lako bila kukusudia.

Nimekaa mapokezi miaka 14, nane kati ya hiyo kwenye kliniki za meno, na sasa kazi yangu ni kufundisha wapokezi. Katazo la bei analoongelea mkufunzi wako lina chanzo halali: ukitaja bei kavu ya kuziba, kisha jino likahitaji tiba ya mzizi, umezalisha Baba Mapacha mwingine. Ila dawa yake siyo kunyamaza. Mtu anayenyimwa bei haji "kuiona mezani", anapigia kliniki inayofuata kwenye orodha. Mfunga Mauzo, hapo ndipo tunapoachana. La saa mbili nakuunga mkono.

Kinachofanya kazi ni hiki. Mtu akiuliza bei, mpokezi anauliza maswali mawili tu, yale yanayobadilisha bei yenyewe. Kwa jino: linauma au limetoboka tu? Ni la mbele au gego? Jino la mbele kwa kawaida lina mfereji mmoja wa mzizi, gego mara nyingi lina mitatu au zaidi, na ndiyo maana bei zake hazilingani. Jina linaulizwa mwishoni, wakati wa kuandika miadi. Tarehe ya kuzaliwa na barua pepe ni za fomu akishafika.

Turudie simu yako ile ile:

"Kuziba jino ni bei gani?"
"Sawa, nitakutajia. Linauma, au limetoboka tu?"
"Linauma, usiku silali."
"Pole sana. Ni la mbele au gego?"
"Gego la chini."
"Kuziba kwetu ni kiasi hiki. Ila nikueleze mapema, jino linalomwamsha mtu usiku wakati mwingine huhitaji zaidi ya kuziba. Hilo daktari atalijua akiliangalia na kulipiga picha. Kumwona daktari pamoja na picha ni kiasi hiki. Baada ya hapo atakutajia bei yote, na hakuna kitakachofanyika hujakubali. Nina nafasi leo saa kumi na kesho saa tatu asubuhi. Ipi inakufaa?"

Kisha ananyamaza. Hapo ndipo wengi wanaharibu: kimya kinawatisha, wanaongeza "au kama uko bize unaweza kupiga baadaye", na wenyewe wamemfungulia mlango atoke.

Angalia kwamba hakusema "unahitaji tiba ya mzizi". Mpokezi hataji ugonjwa. Ametaja bei mbili za uhakika na kuonya kwamba ya tatu inaweza kuwepo. Na mpigaji akisema uso umevimba na ana homa, au anashindwa kumeza, au anapumua kwa shida, maongezi ya bei yanaisha pale pale. Anaitwa daktari, na wa kumeza au kupumua kwa shida anaelekezwa hospitali mara moja, siyo kupewa saa tatu ya kesho.

Sasa swali langu kwako, usinikasirikie. Mpokezi wako ana karatasi ya bei uliyoiandika wewe? Siyo ya mkufunzi, ya kwako: kila tiba, bei yake, kinachoipandisha, na kisichokuwemo, kama picha na kofia?

Daktari wa Magego

Hana. Bei ziko kichwani mwangu na kwenye kompyuta ya risiti. Akikwama huja kuniuliza mlangoni.

Dawati la Mbele

Basi lile "inategemea" lake si la mafunzo peke yake. Hakuwa na la kusema. Mkufunzi wa maana angeuliza hilo kabla ya kufungua mdomo, na angesikiliza simu zako kwanza. Huyo kauza karatasi ile ile anayouza kwa wauza magari. Dai hela yako, una haki. Lakini ukirudishiwa leo, kesho simu italia na mpokezi bado hana bei.

Sauti ya Simu

Samahani naingilia, mimi ni mpokezi, siyo wa kwake. Naumia nikisoma "hana moyo wa kuuza". Asubuhi mbele yangu kuna mgonjwa analipa, nyuma yake mama amebeba mtoto analia, simu ya mezani inaita, na wasapu ina meseji nane. Nikipokea simu, anayelipa ananuna. Nisipopokea, bosi anauliza mbona simu hazipokelewi. Mafunzo niliyopewa yalikuwa ya kutabasamu nikiongea. Hakuna aliyeniambia nani nimjibu kwanza.

Mfunga Mauzo

Dada, muombe bosi akupe asilimia kwa kila miadi. Utaona nguvu inatoka wapi.

Sauti ya Simu

Kaka, asilimia haiongezi mkono wa tatu.

Dawati la Mbele

Sauti ya Simu ana hoja, na asilimia nimeona inavyoharibu: mpokezi anaandika miadi hata ya mtu ambaye hajaamua, na kiti kinakaa kitupu.

Kwa kazi ya mtu mmoja mimi hufundisha hivi. Simu inapokelewa, hata kwa sentensi moja: "Nina mgonjwa mbele yangu, nipe namba nikupigie ndani ya dakika kumi." Inaandikwa daftarini, na inapigwa kweli ndani ya hizo kumi. Simu iliyokosa kupokelewa inapigiwa mara mezani panapopata nafasi, siyo jioni, kwa sababu mwenye maumivu hasubiri jioni. Saa ambazo simu zinagongana zitaonekana kwenye rekodi, Daktari. Kama ni saa mbili hadi nne, saa hizo mtu mwingine apokee malipo. Hilo siyo la mpokezi, ni lako.

Meseji nazo zina ugonjwa wao. Mtu anaandika "bei ya kusafisha meno?", anarushiwa picha ya orodha nzima ya bei, tiki zinageuka bluu, kimya. Jibu bei ya alichouliza, kilichomo, na saa mbili za kuchagua, basi. Asipojibu, mwandikie mara moja kesho yake: "Ile nafasi ya saa tatu imechukuliwa, ipo ya saa nane, nikuwekee?" Kama haikuchukuliwa kweli, usiandike hivyo. Baada ya hapo mwache.

Baba Mapacha

Mimi ningeambiwa vile alivyosema Dawati, ningelipa bila kelele. Kilichoniuma ni kushtukizwa.

Mfunga Mauzo

Na wanaoweka miadi hawaji? Mimi nasema walipe kishika nafasi kwanza. Bila hela hakuna miadi.

Dawati la Mbele

Kwa mgonjwa mpya mwenye maumivu, sikubaliani. Kwa tiba ndefu inayokula asubuhi nzima ya daktari, naelewa. Kliniki nilizofanyia kazi ziligawanyika juu ya hilo, na pande zote mbili zilikuwa na sababu zake.

Daktari wa Magego

Nimesoma yote. Hasira kwa mkufunzi bado ipo, na barua ya kudai hela inaenda leo. Lakini karatasi ya bei ni kosa langu. Nimebandua ile ya herufi kubwa, nimekaa na mpokezi tumeandika tiba kumi zinazoulizwa zaidi, kila moja na kinachoipandisha bei. Alikuwa anazijua karibu zote, kwa kukaa mlangoni kwangu akisikiliza. Alikuwa anaogopa kuzitaja.

Halafu nilimpigia mimi mwenyewe yule dada aliyeulizia bei ya kuziba jino, kwa namba aliyotupigia. Alipokea vizuri. Jino lilishatibiwa kwingine, siku ile ile aliyotupigia, saa kumi jioni.